Meseji 3,100 za mteja na fundi wake: wakili anazikusanyaje na kuzipanga bila kuziharibu

Watu wengi wanadhani ushahidi wa WhatsApp ni kupiga skrinishoti kumi, ukaziprinti steshenari ukapeleka mahakamani basi. Mteja anakuja ofisini na bahasha, anakwambia wakili kila kitu kimo humu, ukifungua unakuta picha za skrini hazina tarehe, nyingine zimekatwa katikati, na ile meseji anayoitegemea iko peke yake kama yatima, iliyotangulia hujui ilisema nini na iliyofuata pia hujui.

Mimi ni wakili, ofisi yangu iko Dar, na migogoro mingi ya ujenzi inayonifikia haina mkataba wa karatasi, chati ndo mkataba wenyewe. Ntaeleza kwa kutumia kesi moja, nimebadilisha vitu vidogo vidogo wahusika wasijulikane. Dada mmoja anafanya kazi Muscat, anajenga Chanika, fundi wanawasiliana kwa WhatsApp tu. Hela inatoka Oman inaingia kwa kaka yake aliyeko Temeke, kaka anamrushia fundi kwa M-Pesa. Makubaliano ni 14,000,000, kazi na vifaa hadi kupaua. Dada anasema ametuma 11,400,000 kwa awamu tisa, fundi anasema amepokea 9,900,000 kwa awamu nane na ndo maana kazi imesimama kwenye lenta. Ugomvi wote basi uko kwenye 1,500,000 moja na ni nani kamchelewesha nani. Meseji zenyewe kama 3,100, kuanzia Februari 2023 mpaka Machi 2024.

Kabla sijagusa meseji hata moja kuna karatasi ya ridhaa, na hapa mawakili wengi tunapita haraka haraka kwa sababu mteja kaja mwenyewe na simu yake, si karidhia tayari? Karidhia nimtetee, hajaridhia nisome stori zake na mama yake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika 1 Mei 2023, ridhaa ya jumla jumla ya kusema "namruhusu wakili kutumia simu yangu" mi siiamini tena. Ninayoandika inataja chati ipi hasa, yaani ile ya namba ya fundi na siyo simu nzima, kuanzia tarehe ipi mpaka ipi, kwa kazi gani, nani ofisini atazisoma, zitakaa wapi, zitafutwa lini, na kwamba anaweza kubadili mawazo akanambia acha. Hilo la mwisho nalifafanua kwa mdomo pia kwa sababu watu wanadhani wakishasaini wameshafungwa. Kweli kilichokwisha kuwasilishwa mahakamani hakirudi kirahisi, ila ambacho bado kiko kwenye kompyuta yangu anaweza kunizuia nisikitumie.

Nywila ya simu siitaki kabisa. Mteja anaekspoti mwenyewe, mimi naangalia, au kama yuko mbali kama huyu dada tunapiga simu ya video ananionyesha anavyobonyeza. Sababu si adabu tu. Siku wakili wa upande wa pili akiuliza nani alishika simu, jibu liwe fupi: mwenye simu.

Sasa kaka. Meseji za M-Pesa zinazoonyesha hela imetoka kwenda kwa fundi ziko kwenye simu ya kaka, siyo ya dada, na ridhaa ya dada haifungui simu ya kaka hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Kaka alisaini karatasi yake, fupi zaidi, inayotaja meseji za miamala kwenda namba moja tu. Dada alikuwa ananiharakisha, kaka hana neno bwana we chukua tu, lakini kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ruhusa yake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mteja anayekuletea chati alizochomoa kwenye simu ya mumewe usiku akiwa kalala anakuletea matatizo, siyo ushahidi. Za kwake mwenyewe, alizotuma na alizotumiwa, hizo ni habari nyingine, yeye ni mmoja wa walioongea.

Kukusanya kwenyewe. Kwenye Android unafungua chati, vidoti vitatu, `More`, halafu `Export chat`, inakuuliza na picha au bila picha. Na picha inabeba meseji za karibuni kama 10,000, bila picha kama 40,000, kwa hiyo zetu 3,100 ziliingia zote. Chati ikizidi hapo za zamani ndo zinazoachwa, tena kimya kimya, hamna onyo, kwa hiyo kitu cha kwanza naangalia mstari wa kwanza wa faili una tarehe gani na namuuliza mteja mlianza kuongea lini. Tangu 2025 pia kuna mpangilio wa faragha kwenye chati ambao ukiwashwa unazuia kuekspoti, ukikuta hivyo inabidi skrinishoti moja moja, kila moja irudie mstari wa mwisho wa iliyotangulia ili ionekane hapajakatwa kitu. Na kama meseji za kujifuta zilikuwa zimewashwa, za saa 24, siku 7 au siku 90, kuzizima leo kunaokoa zijazo tu, zilizokwenda zimekwenda.

Faili likifika kwa barua pepe ya ofisi silifungui kwanza. Nalipiga alama ya utambulisho, ni mlolongo wa herufi na namba unaotokana na faili lenyewe, ukigusa hata koma moja ndani mlolongo unabadilika wote. Kwenye Windows ni amri moja tu:

```
certutil -hashfile chati_fundi.zip SHA256
```

Naandika mlolongo huo kwenye karatasi ya kumbukumbu pamoja na tarehe, saa, jina la faili na nani kanitumia, halafu faili lenyewe naliweka kwenye fleshi na haliguswi tena. Kazi yote inafanyika kwenye kopi. Sababu iko kwenye Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015: mahakama inapopima uzito wa ujumbe wa kielektroniki inaangalia kama njia iliyotumika kuutengeneza, kuutunza na kuutuma inaaminika, kama umebaki ulivyokuwa, na mwenye kuutuma alitambulikaje. Hiyo karatasi yangu ya kumbukumbu ndo inajibu swali la utunzaji, na kiapo cha uthibitisho kinaandikwa kutokana nayo, hukitungi kichwani miezi sita baadaye.

Haya, kopi nimeifungua, kuna kitu kama hiki:

```
4/7/23, 7:12 PM - Dada: nimemtumia kaka 1.5 akurushie
4/7/23, 7:36 PM - Dada: umeona picha ya mlango?
4/7/23, 7:40 PM - Fundi Nyumba: Ndio boss imefika
```

Mistari mitatu tu hiyo na ina mitego minne, tena hii ndo mistari yenye kesi yote.

Mtego wa kwanza ni tarehe. Sisi tunasoma 4/7/23 kama tarehe nne Julai. Karani wangu aliisoma hivyo, akaiweka Julai, na kwenye rasimu ya kwanza ikaonekana hela ya awamu ya tatu ilichelewa karibu miezi mitatu, yaani mteja wetu ndo mkosaji, nikaanza hata kufikiria niongee naye wayamalize nje. Kumbe simu ya dada imewekwa lugha ya Kimarekani na mwezi unatangulia, hiyo ni tarehe saba Aprili. Kujua ni rahisi ukishaumwa mara moja: shuka kwenye faili utafute namba inayozidi 12. Ukikutana na `4/23/23` basi mwezi uko mbele, hakuna mwezi wa ishirini na tatu. Kwenye jedwali langu tarehe zote naziandika kwa neno, 7 Aprili 2023, ili mtu asipate nafasi ya kukosea tena, na simwachii Excel inibadilishie yenyewe maana inabadilisha baadhi na kuacha nyingine, unapata mchanganyiko ambao hutaki kuuona.

Mtego wa pili ni saa. WhatsApp inaonyesha saa ya mahali simu ilipo wakati wa kuekspoti. Dada yuko Muscat, saa moja mbele yetu. Meseji ya M-Pesa kwenye simu ya kaka inasema hela ilikwenda kwa fundi 18:31. Ukiziweka jinsi zilivyo, kaka anaonekana kamrushia fundi 18:31 na dada anatangaza kumtumia kaka 19:12, hela imetoka kabla haijaingia! Wakili wa fundi angefurahi sana na hilo. Ukizirudisha zote kwenye saa za Tanzania inakaa sawa: 18:12 dada anasema kamtumia kaka, 18:31 kaka anarusha, 18:36 swali la mlango, 18:40 imefika. Angalizo dogo, dada akirudi likizo Dar akaekspoti tena chati ile ile saa zote zitasogea nyuma saa moja, wakati skrinishoti alizopiga Muscat zitabaki na saa ya kule, kwa hiyo usishangae vitu viwili vya kweli kutokukubaliana. Andika chanzo kilitolewa wapi. Na kuna saa zetu wenyewe za Kiswahili, fundi akiandika saa 9:20 asubuhi "nafika site saa nne" anamaanisha dakika arobaini zijazo, si saa kumi jioni wala saa nne usiku. Maneno yake hayabadilishwi, pembeni naweka saa inayomaanishwa.

Mtego wa tatu ndo mbaya zaidi na wengi hawaujui. "Ndio boss imefika" hapo inaonekana inajibu swali la picha ya mlango, picha imefika. Fundi ndivyo alivyodai. Lakini kwenye simu ukiangalia, fundi aliivuta ile meseji ya 1.5 akaijibu hiyo, iko juu ya jibu lake kwenye kiboksi. Faili la kuekspoti halibebi kiboksi hicho, linakupa jibu tupu, linaliweka chini ya chochote kilichokuwa cha mwisho. Vile vile kidole gumba mtu anachobandika juu ya meseji hakitoki. Na kidole gumba si mchezo, Kanada kwenye jimbo la Saskatchewan mwaka 2023 mahakama ilisema mkulima aliyejibu kwa kidole gumba alikubali mkataba wa kuuza mbegu za kitani, na akaambiwa alipe. Hapo kidole kilitumwa kama meseji yenyewe, kingekuwa kimebandikwa juu faili la maandishi lisingekionyesha kabisa. Kwa hiyo faili peke yake halitoshi na skrinishoti peke yake haitoshi. Faili linaonyesha hapajarukwa kitu, skrinishoti inaonyesha nani alikuwa anajibu nini. Nikikutana na "ndio", "sawa", "poa" au "haya" yoyote yenye maana kwenye kesi namwambia mteja aifungue kwenye simu, apige skrini, na kama inawezekana arekodi video fupi akipanda kutoka chini mpaka kwenye meseji hiyo.

Wa nne ni jina. `Fundi Nyumba` ni jina alilolisevu dada, halina ushahidi wowote ndani yake, angeweza kulisevu Rais. Faili halitoi namba kama mtu amesevuwa. Tunapiga skrini ya ukurasa wa mawasiliano unaoonyesha namba, halafu tunaifunga na meseji ya M-Pesa ya kaka ambayo inataja namba hiyo hiyo na jina lililosajiliwa. Hapo ndo fundi anakuwa fundi.

Kupanga sasa. Nilipoanza kazi nilifundishwa kutengeneza mafolda kwa mada, folda la pesa, la vifaa, la muda, unakopi meseji unazitupia humo. Nimeacha. Angalia hii ya siku mbili baadaye, 9 Aprili, ya fundi: "boss ile ya juzi nmelipia tofali ila wamechelewa kuleta, kaz tunaanza j3". Hii ni pesa, ni vifaa na ni muda kwa pamoja. Ukiiweka kwenye folda la muda inaonekana fundi anajitetea kwa ucheleweshaji tu, kumbe ndani yake amekiri kupokea hela "ya juzi", na juzi ya tarehe 9 ni tarehe 7. Ukiikata ukaibandika mara tatu utakuja kuhesabu ukiri mmoja kama watatu na jaji atakuuliza.

Kwa hiyo uti wa mgongo ni tarehe, jedwali moja tu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na mada ni lebo inayoning'inia pembeni. Meseji moja inaweza kuwa na lebo hata tatu na bado inakaa sehemu yake. Safu zangu ni namba ya mfuatano, tarehe, saa ya Tanzania, nani kaandika, maneno kama yalivyo, maana, lebo, kiambatisho, na mstari wa ngapi kwenye faili la asili. Hiyo ya mwisho inaonekana ya kuchosha lakini ndo inayokuokoa ukiulizwa hii umeitoa wapi. Lebo zisizidi sita saba, kwa dada tulitumia PESA, VIFAA, MUDA, UBORA, MABADILIKO na MENGINE. Ukianza kuwa na lebo ishirini ujue umeanza kuandika hoja zako badala ya kupanga ushahidi. Ukitaka kuona pesa tu unachuja kwa lebo, unaona awamu zote tisa zimejipanga, halafu unaondoa kichujio mazungumzo yanarudi kamili.

Tahadhari moja ya kiufundi, meseji ndefu yenye aya kadhaa kwenye faili inashuka mistari kadhaa na ni wa kwanza tu wenye tarehe, ukiimwaga Excel ile mistari mingine inakuwa haina mwenyewe. Fundi aliwahi kutuma orodha ya vifaa mistari 14, sementi, nondo, kokoto, ikatawanyika yote, ilibidi tuirudishe kwa mkono.

Safu ya maana ipo kwa sababu watu hawaandiki Kiswahili cha shuleni. "2ma", "cjaona", "xaxa", "j3", "1.5". Kwa bahati tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama kwa hiyo sihitaji kutafsiri kila kitu, lakini "1.5" lazima mtu aseme ni milioni moja na nusu na siyo laki moja na nusu, na sisemi mimi, anasema mteja kwenye kiapo chake, na awamu nyingine nane zilizoandikwa hivyo hivyo na M-Pesa yake zinamuunga mkono. Kusahihisha tahajia ndani ya maneno yenyewe ni mwiko. Voisi tunaandika neno kwa neno na faili la sauti linabaki, ukiandika tu "fundi anasema amepokea" umeandika maoni yako.

Picha nazo zina lake, WhatsApp inazibana na kuzivua taarifa za kamera, kwa hiyo picha za nyufa za ukuta tuliomba kwa kaka zile za asili kutoka galari ya picha ya simu yake, siyo zilizotumwa kwenye chati. Ndiyo, karatasi yake ya ridhaa tuliiongezea mstari.

Kati ya 3,100 zilizopata lebo ya maana zilikuwa 212. Zilizobaki ni salamu, pole ya msiba, na stori za ugonjwa wa mtoto wa fundi, ambazo ni taarifa nyeti za mtu asiyehusika na hazina kazi yoyote kwenye lenta. Hizo kwenye kopi ya kuwasilisha zinafunikwa kwa wino mweusi na pembeni inaandikwa imefunikwa kwa sababu ya afya ya mtu wa tatu, hazifutwi, mpangilio wa namba unabaki ili ionekane kuna kitu hapo. Meseji za dada akiongea na mimi hazikuingia popote, hizo zina kinga yake.

Ila meseji mbaya haifunikwi. Kulikuwa na moja ya Novemba dada anamwambia fundi "simamisha kwanza mpaka nipate hela", na aliniomba tena kwa upole kabisa, wakili hiyo si tuiache? Nikamwambia fundi naye ana simu, chati ni ile ile. Imeingia, lebo MUDA na PESA, na ilitugharimu madai ya fidia ya ucheleweshaji kuanzia mwezi huo. Kwenye 1,500,000 tulikaa na wakili wa fundi mezani kabla ya kusikilizwa, jedwali limechujwa kwa PESA, kurasa nne tu, skrinishoti ya kiboksi kile pembeni na meseji ya M-Pesa ya 18:31. Fundi akaangalia muda mrefu akaomba alipe kwa awamu.

Makubaliano yaliposajiliwa nilimtumia dada faili lake la asili na jedwali, nikafuta kopi za kazi kama karatasi ya ridhaa ilivyosema, na fleshi ikaingia kwenye kabati la majalada pamoja na ile karatasi ya kumbukumbu yenye mlolongo wa namba.